Yaya alikuwa malaika hadi usiku wa matanga

"Jambo mama. Nina miaka 29, nashona katika ateliye moja hapa Kampemba. Mwezi wa pili nilipata rafiki pale kazini, namwita Yaya kwa sababu amenizidi miaka sita. Nilimwambia kila mtu kwamba Lubumbashi nzima hakuna kama yeye, nikamwachia hata zamu yangu ya kwanza ya kupokea pesa za likelemba, mchango wetu wa kila mwezi. Mwezi wa nane akafa mama mdogo aliyenilea Likasi. Usiku wa kwanza wa matanga Yaya hakuja. Alituma franka 20,000 kwa simu na ujumbe wa pole, eti mtoto ana malaria. Usiku ule ule nikatuma sauti tatu kwenye kundi letu la likelemba nikisema ni nyoka, anajifanya, kisha nikafunga namba yake. Siku ya tatu alikuja, sikumsalimia. Sasa ni wiki tatu. Siku nyingine namkumbuka hadi nalia, siku nyingine nikimwona natetemeka kwa hasira. Ni rafiki wa tatu katika miaka minne. Niambie ukweli: ni mimi niliye mbaya, au wao ndio wanajificha mwanzoni?"

Dada yangu, pokea kwanza pole yangu kwa mama aliyekulea. Wiki tatu ni chache, bado uko ndani ya kilio. Soma haya polepole, hata kwa siku mbili ukipenda.

Swali lako la mwisho lina milango miwili tu, na ndivyo ulivyompima Yaya pia: malaika au nyoka. Kwa hiyo sitachagua mlango. Nikichagua wowote nitakuwa nimekusaidia kufanya tena kile kile kinachokusumbua.

Sisi tuliosomea saikolojia kwa Kifaransa tunaliita jambo hili klivaji. Neno hilo hilo wanalo watu wa mawe, na katika mji wa madini kama wetu ni rahisi kulielewa. Chukua kipande cha mika. Ukikichubua kwa kucha kinatoka tabaka kwa tabaka, nyembamba kama karatasi, kwa sababu ndani yake kuna sehemu zisizoshikana kwa nguvu. Jiwe la namna hiyo likigongwa halipasuki ovyo, linafuata mistari iliyokuwepo kabla ya nyundo. Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, alitumia mfano wa kristali mwaka 1933 alipoeleza jinsi nafsi ya mtu inavyovunjika. Nakuomba uushike mfano huo. Nyundo yako ilikuwa usiku wa matanga. Mstari ulikuwepo zamani.

Aliyeeleza kwa kina jinsi tunavyopasua watu ni Melanie Klein, mwanamke mchambuzi wa nafsi aliyezaliwa Vienna mwaka 1882 akafanya kazi yake kubwa London. Katika andiko lake la mwaka 1946 alisema kwamba mtoto mchanga hajui bado kuwa mama anayemnyonyesha na mama anayechelewa wakati njaa inauma ni mtu mmoja. Kwake ni mama wawili, mmoja mwema kabisa na mwingine mbaya kabisa. Kuwatenganisha kunamfaa, maana hasira yake dhidi ya yule mbaya haimgusi yule mwema anayemtegemea ili aishi. Kabla hajatimiza mwaka anaanza kuona kwamba ni yule yule, na hapo ndipo huzuni inapoingia: niliyemkasirikia ndiye ninayempenda.

Si wataalamu wote wanaokubaliana na Klein juu ya yanayopita kichwani mwa mtoto mchanga. Lakini kwa watu wazima ninaokutana nao, sehemu hiyo ya huzuni naiona kila mara. Kumwona mtu akiwa mzima, wema wake na kasoro zake pamoja, kunauma. Ukimpasua vipande viwili maumivu hayo yanakwisha, na mahali pake inakuja hasira, ambayo ina nguvu na inakusimamisha wima. Usiku ule ulikuwa na majonzi yasiyobebeka. Aliyekulea amekufa, na hakuna wa kumlaumu kwa kifo chake. Kisha simu ikalia: franka 20,000 na maneno ya pole. Pale pale ukapata mtu wa kulaumu, na kwa saa chache hukulazimika kuwa yatima.

Umeandika kwa maneno machache tu kwamba mama mdogo ndiye aliyekulea Likasi. Sijui kwa nini hukulelewa na mama mzazi, na kwa barua siwezi kujua. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningeanzia hapo. Fanya hivi badala yangu: chukua karatasi, andika siku ya mwisho ya kila mmoja wa wale marafiki watatu. Usiandike tabia yao, andika kilichotokea siku hiyo, saa kwa saa. Ukikuta kwamba siku zote tatu zinaanza na mtu ambaye hakufika, hakujibu, au alichelewa wakati wewe una shida, basi umeuona mstari wako. Watu wengine wanapasuka mahali pengine kabisa. Nimewahi kuongea na baba mmoja ambaye angeweza kusamehe wizi, lakini mtu akimkosoa mbele ya wengine anafutwa siku hiyo hiyo. Kila mmoja ana mstari wake, na mara nyingi hauhusiani sana na uzito wa kosa.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani, maana watu wanadhani anayepasua amesahau mema. Hajasahau. Ningekupigia simu usiku ule nikuulize kama Yaya amewahi kukutendea mema, ungenitajia matano bila kutafuta. Ila ungeyataja kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni. Yapo kichwani, ladha yake imetoka. Wakati mwingine yanageuka sumu: kumbe ndiyo sababu alikuwa ananisaidia, alikuwa ananitafuta. Neno lako "anajifanya" linafanya kazi hiyo. Linarudi nyuma hadi mwezi wa pili na kuandika upya kila siku mliyokaa pamoja, kwa sababu ya usiku mmoja.

Jambo hilo hilo linatokea upande wa pili. Siku unayomlilia, je, umesahau matanga? Hapana, unakumbuka vizuri, lakini haiumi, na unajishangaa ulikuwa na wazimu gani. Kesho yake unamwona kwenye mashine yake, mwili unatetemeka, na machozi ya jana yanakuwa upumbavu. Kwa hiyo una Yaya wawili wanaopokezana, na kila mmoja akiingia anafunga mlango nyuma yake. Ndiyo maana wiki tatu zimepita na hujafika popote. Hujamfikiria Yaya kwa wiki tatu. Umemfikiria mmoja, kisha mwingine.

Huenda ukatarajia nianze na hasira. Mimi ningeanza na sifa.

"Lubumbashi nzima hakuna kama yeye" tayari ni nusu ya mtu. Otto Kernberg, daktari aliyeandika sana juu ya jambo hili kuanzia mwaka 1967, aliona kwamba anayeinuliwa hivyo anawekwa kama ngao: akiwa karibu, hakuna baya litakalonifikia. Kazi hiyo binadamu haiwezi. Ulimpa Yaya kazi hiyo mwezi wa pili, bila kumwambia, ukamlipa kwa zamu yako ya likelemba, kabla hamjala bukari pamoja mara za kutosha kumjua. Hakuanguka usiku wa matanga. Alikuwa amewekwa juu mahali ambapo mtoto mmoja akipata malaria, mama yake lazima aanguke.

Na katika miezi ile ya mwanzo, nina hakika kulikuwa na vitu vidogo vilivyokuudhi. Pengine anachelewa, pengine anakata neno la mtu, pengine anaazima mkasi na harudishi. Ulivimeza kwa sababu havikufaa kwenye picha. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko hasira yenyewe. Mtu akiudhika kidogo na kusema kidogo, urafiki unajifunza kubeba maudhi. Wewe na Yaya hamkuwahi kufanya zoezi hata la dakika tano, kisha mkapewa mzigo wa matanga.

Kwa hiyo zoezi ni hili, na lifanywe siku ambayo uko sawa, usingoje dhoruba. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika sentensi moja juu ya mtu mmoja wa karibu: mama mwenye nyumba, dada yako, bosi wa ateliye, yeyote. Sentensi iwe na jambo jema na jambo linaloudhi, uyaunganishe kwa "na". Usitumie "lakini". Jaribu kusema kwa sauti: "Alituma pesa na pole, lakini hakuja." Unasikia jinsi "lakini" inavyofuta kilichotangulia? Sasa sema: "Hakuja usiku wa kwanza, nikaumia, na alikuwa anauguza mtoto, na alituma alichokuwa nacho, na siku ya tatu alikuja akasimama mbele yangu." Hakuna kilichofutwa. Kuumia kwako kupo pale pale. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetoa mwaka 1993 mwongozo wa tiba inayotumika sana kwa watu wanaoyumba hivi, aliijenga tiba yake juu ya jambo hilo: mambo mawili yanayopingana yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Andika kwa wiki sita. Mwanzoni utaona sentensi hizo ni baridi na za uongo. Usijali. Dalili kwamba zimeanza kufanya kazi ni huzuni. Siku utakapomfikiria Yaya ukahuzunika, bila kumtukuza na bila kutetemeka, siku hiyo Yaya wawili wamekutana.

Kwa saa yenyewe ya kupasuka, daftari halisaidii. Wakati huo mwili umeshika usukani: kifua kinabana, uso unawaka, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Jaza beseni maji baridi, zuia pumzi, zamisha uso kwa nusu dakika, rudia mara mbili au tatu. Ubaridi usoni ukiwa umezuia pumzi hupunguza mapigo ya moyo, ni jambo la mwili wala halihitaji uamini. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo, anawe uso tu. Kisha rekodi sauti zako zote, useme kila kitu, ila usizitume hadi umelala usiku mmoja na kula. Kama hujiamini, mpe simu mtu hadi asubuhi.

Nitakuwa nimekukosea nikikuacha udhani kwamba kila hukumu kali ni klivaji. Kuna marafiki wanaoiba, kuna wanaume wanaopiga, kuna ndugu wanaouza kiwanja cha yatima. Kumwita mtu kama huyo mbaya na kuondoka ni akili timamu, na sitaki mwanamke anayepigwa asome hapa kwamba anapaswa "kuona pande zote mbili" ili abaki. Tena mara nyingi yeye ndiye aliyepasua kwa njia nyingine: siku za maua anamwona mume mwema, na siku za ngumi anadhani ni mtu mwingine aliyeingia kwa bahati mbaya. Kumwona mume huyo akiwa mmoja ndiko kunakomsaidia kufungasha vitu vyake.

Utatofautishaje basi? Hukumu yenye mizizi hujengeka kwa matukio mengi, na ina tarehe na mambo mahususi. Klivaji inakuja ndani ya saa moja na inaongea kwa "daima" na "kamwe". Tena jiulize hivi: Yaya akija leo jioni na sufuria ya supu, akakukumbatia, je, kesho atakuwa malaika tena? Kama jibu ni ndiyo, basi ile haikuwa hukumu juu ya tabia yake, kwa sababu tabia haibadilishwi na supu.

Sasa kundi la likelemba. Nadhani ndilo lenye madhara kuliko yote, na ndilo ulilolitaja haraka. Klivaji ya mtu mmoja huenea. Daktari Thomas Main aliandika mwaka 1957 juu ya wauguzi wa hospitali moja ya Uingereza waliogombana vikali kuhusu mgonjwa yule yule: hawa wakimwona anayestahili huruma yote, wale wakimwona mjanja anayewachezea. Kila kundi lilikuwa limepewa nusu yake ya mgonjwa bila kujua. Sikiliza ateliye yako wiki hii. Bila shaka wako wanaokuambia "ulifanya vizuri, sisi tulimjua zamani", na wako waliohamisha viti vyao kukaa karibu na Yaya. Wale wa kwanza ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa wanakuletea kila siku mafuta ya ule moto. Nashukuru kwamba neno ulilotumia ni nyoka. Kwetu hapa kuna neno moja baya zaidi, mulozi, yaani mchawi, na lile likishatoka kinywani wakati wa matanga halirudi. Watu wengine wanalichukua, wanaliongezea ndoto na mahubiri, na wewe hasira ikiisha huwezi tena kulizima. Hata siku ukiwa umewaka kiasi gani, lile usiliguse.

Ulichosema hadharani kirekebishwe hadharani, na kwa kiasi kile kile. Usiombe msamaha kwa kuumia, ulikuwa na haki ya kuumia. Rekebisha kilichokuwa si kweli. Kitu kama hiki, kwa maandishi, si kwa sauti, ili hasira isipate mlango: "Usiku wa matanga nilimwita Yaya nyoka hapa. Nilikuwa na uchungu. Neno lile halikuwa la kweli, ninalifuta. Mliobaki naomba tusiliendeleze." Basi, usiongeze sifa. Najua utatamani kuandika kwamba ni mwanamke wa ajabu asiye na mfano. Ukiandika hivyo umempandisha tena juu, na safari inaanza upya.

Kwa Yaya mwenyewe nenda uso kwa uso, siku ambayo si ya kulia wala ya kutetemeka. Ikiwa huna siku kama hiyo bado, subiri. Fungua namba yake kwanza. Mwulize habari ya mtoto, na usikilize jibu hadi mwisho, maana hapo ndipo Yaya anapokuwa mtu mwenye maisha yake, mwenye mtoto anayechemka homa usiku ule ule uliokuwa wako. Kisha sema mambo mawili tu: usiku wa kwanza nilikuhitaji na nikaumia ulipokosekana, na nilichokuita kwenye kundi hakikuwa haki. Unganisha kwa "na".

Hutajua atajibu nini. Anaweza kukataa, na kukataa kwake hakumfanyi kuwa yule nyoka. Aliitwa jina baya mbele ya wanawake anaochanga nao pesa, tena wiki ambayo mtoto wake anaumwa. Ana haki ya kuchukua muda wake.

Kuhusu wewe, najua utakuwa umejiuliza kama una ugonjwa. Kuyumba kati ya kumtukuza na kumlaani mtu ni moja ya dalili tisa za hali ambayo madaktari wa akili wanaiita tabia ya mpakani, na wanahitaji angalau tano ili waitaje. Dalili moja haitoshi, na msiba unaweza kumpasua mtu yeyote. Ila kama pamoja na hili unajikata mwili, unafikiria kufa, unahisi utupu unaodumu, au hujui wewe ni nani mtu akiondoka, basi barua haitoshi. Nenda ukaongee na mtu, kwa mfano kwenye kituo cha Dokta Joseph Guislain hapa mjini. Kama ni mawazo ya kufa, usingoje wiki sita za daftari, nenda leo na usiende peke yako. Uwaambie kuhusu wale marafiki watatu, na kuhusu Likasi. Hakuna kidonge cha klivaji. Dawa wakikupa itakuwa ya usingizi au ya huzuni iliyozidi, na kazi yenyewe mtaifanya kwa mazungumzo, kwa miezi, pengine mwaka.

Jambo moja linakuhusu mwanzoni mwa mwezi ujao. Zamu ya likelemba ikifika, lipa siku ile ile, kiasi kile kile, hata kama Yaya ndiye anayepokea na hata kama bado hajakusalimia. Na siku hiyo atakayokusalimia kwa ubaridi, rudi nyumbani uandike sentensi yako ya jioni juu yake.